Povu la maini na kisichoonekana ndani yake

*Shikamoo Daktari. Nafundisha baiolojia kidato cha tano hapa Moshi. Tulidondosha haidrojeni peroksaidi kwenye kipande cha maini, povu likapanda hadi mdomoni mwa testi tyubu, nikawaambia hiyo ni kazi ya kimeng'enya cha katalasi. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama katalasi ina nguvu hivyo, glutathioni ni ya nini? Na SOD, kimeng'enya kinachogeuza superoksaidi kuwa hiyohiyo peroksaidi, kinamkinga nani? Nilikosa la kumjibu.*

Marahaba, mwalimu. Tuanze na testi tyubu yenyewe, maana ndiyo iliyowapoteza. Mlichokiona ni oksijeni. Katalasi huchukua molekuli mbili za peroksaidi na kuzigeuza kuwa maji na gesi, na gesi hiyo ndiyo povu. Glutathioni, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli, nayo huondoa peroksaidi, ila katika kazi yake hakuna gesi inayotoka. Ziandike ubaoni zikae pamoja:

```
Katalasi:     2H2O2         → 2H2O + O2
Glutathioni:  H2O2 + 2GSH   → 2H2O + GSSG
```

GSH ni glutathioni, na GSSG ni glutathioni mbili zilizoshikana, kwa hiyo mstari wa pili hauna gesi yoyote. Kwa hiyo hata kama glutathioni ingekuwa inafanya kazi kubwa ndani ya ile testi tyubu, darasa zima lisingeona kitu. Jaribio lenu ni zuri kwa kuonyesha katalasi, lakini haliwezi kutumika kupima nani anafanya nini ndani ya seli.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kiasi. Nachukulia mlitumia peroksaidi ya asilimia 3, mililita 5, na kipande cha maini cha gramu moja hivi. Peroksaidi ya asilimia 3 ina karibu moli 0.88 kwa lita, kwa hiyo mlimwaga milimoli 4.4. Katalasi ikiimaliza yote hutoka milimoli 2.2 za oksijeni, na kwa joto na mwinuko wa Moshi hiyo ni karibu mililita 60 za gesi. Si ajabu povu lilifika mdomoni. Sasa glutathioni: gramu moja ya maini ina mikromoli chache, na hata tukiwa wakarimu tuseme 10, hizo zinatosha kuondoa mikromoli 5 za peroksaidi kabla hazijahitaji kurejeshwa. Mlimwaga mikromoli 4,400. Glutathioni ilizidiwa karibu mara 900 kabla hamjaweka dripa mezani.

Lakini seli iliyo hai haikutani na peroksaidi ya namna hiyo hata siku moja. Ndani ya seli yenye afya peroksaidi hukaa katika kiwango cha nanomoli kwa lita, kuanzia moja hivi hadi makumi kadhaa. Ukilinganisha nanomoli 10 na ile ya chupani, tofauti ni kama mara milioni 90. Swali la mwanafunzi wako ni zuri kwa sababu hiyo: aliona nguvu ya katalasi mahali ambapo katalasi haina mpinzani, akataka kujua inakuwaje mahali pa kawaida.

Mahali pa kawaida, swali la kwanza ni nani yuko wapi. Katika seli za ini katalasi imefungiwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya vifuko vidogo viitwavyo peroksisomu. Huko inashughulikia peroksaidi inayotengenezwa hukohuko, kwa mfano wakati mafuta yenye minyororo mirefu sana yanapovunjwa. Mnaweza kuuona huu mpaka kwa macho. Wiki ijayo kateni vipande viwili vya maini mabichi vya uzito mmoja, kimoja kibaki kizima, kingine mkiponde kwenye kinu na mchanga kidogo. Kilichopondwa kitatoa povu kwa kasi zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba eneo la kugusana limeongezeka, na sehemu ni kwamba seli na peroksisomu zake zimepasuka, katalasi ikamwagika nje. Wekeni na cha tatu kilichochemshwa, ambacho kitabaki kimya au kitoe viputo vichache tu, maana protini imeharibika.

Kuna watu wanaoishi karibu bila katalasi. Miaka ya 1940, daktari mmoja wa Japani, Shigeo Takahara, alimfanyia upasuaji wa kinywa mtoto wa kike, akamwaga peroksaidi kwenye kidonda kama ilivyo kawaida ya kusafisha. Povu halikutoka, na damu ikageuka kuwa nyeusi-kahawia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba damu yake haikuwa na katalasi, na kwamba hali hiyo ilirithiwa katika familia. Baadhi ya watu wa namna hiyo hupata vidonda vibaya vya fizi, kwa sababu bakteria wa kinywani hutoa peroksaidi na tishu haina njia ya haraka ya kuizima. Nje ya hapo wengi wao huishi maisha yao. Panya waliozalishwa maabara bila katalasi nao hukua vizuri tu. Mwambie mwanafunzi wako aliweke hilo moyoni, kwa sababu tutaona SOD moja ambayo panya hawezi kuishi bila yake.

Sasa twende mitokondria, ambako superoksaidi nyingi huanzia. Chakula kinapovunjwa, elektroni hubebwa na molekuli iitwayo NADH, na NADH huzipeleka kwenye mnyororo wa protini uliopachikwa katika utando wa ndani wa mitokondria. Zinaingia kwenye kompleksi ya I, zinabebwa na yubikwinoni hadi kompleksi ya III, kisha saitokromu c, na mwisho kompleksi ya IV. Hii ya mwisho ina nidhamu ya ajabu: huishika molekuli ya oksijeni na haiiachii mpaka imeipa elektroni nne zote na kuwa maji. Tatizo liko nyuma yake. Kwenye kompleksi ya I na ya III kuna sehemu ambapo elektroni moja inaweza kurukia oksijeni iliyo jirani kabla ya zamu yake. Oksijeni yenye elektroni moja ya ziada ndiyo superoksaidi, O2 yenye chaji hasi. Ile inayotoka kompleksi ya I huangukia ndani kabisa, kwenye matriksi. Ya kompleksi ya III huangukia pande zote mbili za utando.

Hapa wengi hufundisha kinyume. Wanasema mitokondria ikifanya kazi sana ndipo inavujisha sana. Kwa kawaida ni kinyume chake: inavujisha zaidi elektroni zinapokwama. Ni kama malori kwenye mzani wa barabarani. Lori la mbele likigoma kuondoka, foleni inarudi nyuma na watu wanaanza kutafuta njia za panya. Seli yenye chakula kingi lakini isiyotumia ATP, yaani nishati ya kufanyia kazi, ina NADH tele, utando wa ndani wa mitokondria zake umejaa chaji, na elektroni hazina pa kwenda, kwa hiyo kompleksi ya I inamwaga superoksaidi. Seli inayotumia ATP kwa kasi huziondoa elektroni haraka na uvujaji hupungua. Hali mbaya kuliko zote ni pale tishu iliyokosa damu inaporudishiwa damu ghafla, mfano moyo baada ya mshipa kuzibuliwa. Wakati wa kukosa damu saksineti, moja ya molekuli za mzunguko wa Krebs, hurundikana. Oksijeni ikirudi, saksineti inachomwa kwa pupa na kusukuma elektroni kinyumenyume hadi kompleksi ya I, na superoksaidi inatoka kwa mkupuo katika dakika za mwanzo.

Nadokeza pia kwamba vitabu vingi vimeandika kuwa asilimia 1 hadi 2 ya oksijeni tunayovuta hugeuka superoksaidi. Namba hiyo ilitokana na vipimo vya miaka ya 1970 kwenye mitokondria zilizotolewa nje ya seli, zikapewa oksijeni nyingi na chakula kingi kuliko zinavyopata mwilini. Ndani ya mtu mzima mwenye afya kiwango kinaaminika kuwa chini zaidi ya hapo. Ikija kwenye mtihani, mwanafunzi aandike kile kilicho kwenye kitabu chake, lakini wewe usiifundishe kama sheria.

Sasa SOD inakinga nini, ikiwa inazaa peroksaidi? Superoksaidi ina shabaha moja inayoipenda: protini zenye kifundo cha chuma na salfa. Mfano mzuri ni akonitasi ya mzunguko wa Krebs, ile inayogeuza sitreti kuwa aisositreti. Ndani yake kuna kifundo cha atomi nne za chuma na nne za salfa, na atomi moja ya chuma imekaa wazi ili ishike sitreti. Superoksaidi ikifika hapo inakivuruga kifundo, chuma kinadondoka, akonitasi inazimika. Hasara ni mbili kwa pigo moja: mzunguko wa Krebs umeziba, na chuma kimeachiwa kizurure.

Chuma kinachozurura ndicho hatari yenyewe. Kikikutana na peroksaidi huzaa radikali ya haidroksili:

```
Fe2+ + H2O2 → Fe3+ + OH− + •OH
```

Mmenyuko huu unaitwa kwa jina la Henry Fenton, aliyeueleza mwaka 1894 akiwa anachunguza asidi ya tatariki, wala hakuwa na habari na seli. Radikali ya haidroksili haina kimeng'enya cha kuizima, na isingewezekana kuwa nacho, kwa sababu humshambulia wa kwanza kuguswa, ndani ya nanomita chache tu kutoka ilipozaliwa. Kama imezaliwa karibu na DNA, itaichana DNA. Kama ni karibu na utando, mafuta ya utando yataanza kuoza kwa mnyororo. Kwa hiyo ulinzi wote unafanyika kabla ya hatua hii: usiiache superoksaidi ikafikia vifundo vya chuma, na usiiache peroksaidi ikae ikisubiri chuma.

Mtu atauliza, si superoksaidi mbili zikikutana hugeuka peroksaidi zenyewe, bila kimeng'enya? Kweli, ila ngoja tuhesabu. Superoksaidi ndani ya mitokondria ni adimu, chini ya nanomoli moja kwa lita. Tuseme ni moja ya kumi ya nanomoli. Kwa uadimu huo, na kwa kasi ya asili ya kuungana kwake, molekuli moja ingengoja zaidi ya siku nzima kumpata mwenziwe. Itakuwa imeshampata akonitasi zamani. SOD ya matriksi, yenye manganizi, iko kama mikromoli 10 kwa lita, yaani maelfu kwa maelfu ya SOD kwa kila superoksaidi moja, na hufanya kazi karibu haraka kama molekuli zinavyoweza kugongana. Ukipiga hesabu, superoksaidi inadumu kama sehemu moja ya 20,000 ya sekunde. Hiyo ndiyo kazi ya SOD: kuifupishia superoksaidi maisha ili isimfikie mtu.

Na kuhusu kuzaa peroksaidi, nipe nafasi nikuonyeshe jambo ambalo mwanafunzi wako atalifurahia. Superoksaidi inapopiga akonitasi, elektroni inayochukuliwa kwenye kifundo huifanya superoksaidi hiyo igeuke peroksaidi. Moja inazaa moja. Inapopita kwa SOD, mbili zinazaa peroksaidi moja na oksijeni moja. Kwa hiyo pale ambapo superoksaidi ingemalizikia kwenye vifundo vya chuma, SOD inapunguza peroksaidi kwa nusu. Haiongezi.

Joe McCord na Irwin Fridovich walitangaza kazi ya SOD mwaka 1969. Baadaye ikajulikana kuwa zipo zaidi ya moja: ya shaba na zinki iko kwenye saitoplazimu na kati ya tando mbili za mitokondria, ya manganizi iko matriksi, na nyingine hukaa nje ya seli. Kwa nini zisitumikiane? Kwa sababu superoksaidi ina chaji na haipenyi utando kirahisi. Iliyozaliwa matriksi lazima izimwe matriksi. Mwaka 1995 walizalishwa panya wasio na SOD ya manganizi, na walikufa ndani ya siku 10 hivi za mwanzo, moyo umetanuka, ini limejaa mafuta, damu imekuwa na asidi, akonitasi imeshuka. Panya wasio na ile ya shaba na zinki huzaliwa na kuishi, japo maisha yao ni mafupi na hupata saratani ya ini wakizeeka. Ukiweka matokeo haya kando ya yale ya katalasi unaona wazi kwamba mahali kimeng'enya kilipo kina uzito kuliko nguvu yake kwenye testi tyubu.

Peroksaidi yenyewe haina chaji, kwa hiyo huvuka tando kuliko superoksaidi. Lakini ili ile iliyozaliwa matriksi ifike kwa katalasi, ingepaswa kutoka mitokondria, kuvuka saitoplazimu na kuingia peroksisomu. Njiani kuna wanaoisubiri. Wa kwanza, ambao vitabu vya kidato cha tano haviwataji, ni peroksiredoksini. Moja yao iko matriksi kwa wingi na inadhaniwa ndiyo inayokamata sehemu kubwa ya peroksaidi hapo. Wa pili ni glutathioni peroksidasi, kimeng'enya chenye seleniamu, ambacho hutumia glutathioni kama nguvu yake. Ina ndugu mmoja wa kipekee anayeshughulikia peroksaidi zilizoundwa ndani ya mafuta ya utando, kazi ambayo katalasi haiwezi kabisa, maana mlango wake unapitisha peroksaidi ndogo tu.

Glutathioni ni asidi amino tatu zilizounganishwa: glutameti, sisteini na glaisini. Kinachofanya kazi ni salfa ya sisteini. Molekuli mbili zikishatoa haidrojeni zao hushikana na kuwa GSSG, na hapo hazifai mpaka zitenganishwe:

```
GSSG + NADPH + H+ → 2GSH + NADP+
```

Katika seli yenye afya GSH ni zaidi ya mara 100 ya GSSG. Ukipima tishu ukakuta uwiano umeshuka sana, hiyo ni dalili kwamba seli inashambuliwa kuliko inavyojirudishia, ingawa lazima sampuli igandishwe haraka na kutiwa asidi, la sivyo GSH hujiunguza yenyewe mezani na ukajidanganya. Nimeona wanafunzi wa uzamili wakitoa majibu ya kutisha kutoka kwenye maini yaliyokuwa mazima kabisa, kwa kuchelewa dakika chache tu.

Katalasi haihitaji malipo kwa kila peroksaidi. Glutathioni inahitaji NADPH, ndugu wa NADH, kila mara. Huo ndio udhaifu wake. Na ndani ya matriksi, sehemu ya NADPH hutengenezwa na kimeng'enya kinachotumia msukumo uleule wa protoni unaojengwa na mnyororo wa elektroni. Kwa maneno mengine, mnyororo unaovujisha ndio huohuo unaolipia ulinzi. Ukiharibika, uvujaji unapanda na malipo yanashuka kwa wakati mmoja. Pia mitokondria haziwezi kujitengenezea glutathioni. Hutengenezwa saitoplazimu na kuingizwa. Moja ya protini zinazoiingiza, SLC25A39, ilitambuliwa mwaka 2021.

Kabla sijafika kwenye ini la mtu, niseme kidogo kuhusu vidonge vya SOD na katalasi vinavyouzwa kama dawa za ujana. SOD ni protini. Ukiimeza, tumbo linaishughulikia kama linavyoishughulikia nyama ya bucha. Haifiki matriksi ya seli yoyote.

Sasa mfano ambao mambo haya yote yanakutana, nao nautumia na wanafunzi wa udaktari. Chukua mwanamume wa kilo 60 wa Arusha anayeumwa jino. Anakunywa parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa nne, mara sita kwa siku, hizo ni gramu 6. Ana mafua pia, kwa hiyo anaongeza dawa ya mafua mara tatu kwa siku, na hajasoma kwenye boksi kwamba kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 nyingine. Jumla gramu 7.5 kwa siku, wakati mwisho kwa mtu mzima ni gramu 4, na kwa mtu asiyekula ni chini ya hapo. Jino halimruhusu kutafuna, kwa hiyo siku tatu hizi anaishi kwa chai, na jioni mbege ya kutuliza maumivu. Ni mnywaji wa kila siku.

Parasetamoli nyingi ini huifunga na kuitoa kwa mkojo bila madhara. Asilimia 5 hadi 10 hivi hugeuzwa kuwa kitu chenye sumu, NAPQI, na kimeng'enya ambacho huongezeka kwa mtu anayekunywa pombe kila siku. NAPQI huzimwa na glutathioni, moja kwa moja. Gramu 7.5 za parasetamoli ni milimoli 50, kwa hiyo NAPQI ni milimoli 2.5 hadi 5 kwa siku, pengine zaidi kwake. Ini la kilo moja na nusu lenye milimoli 5 za glutathioni kwa kilo lina akiba ya milimoli 7.5. Lakini mtu asiyekula hana sisteini ya kutosha kutengeneza nyingine, na akiba yake inaweza kuwa imeshuka karibu nusu. Siku ya pili matumizi yameipita akiba.

Glutathioni ikishuka chini ya theluthi hivi ya kawaida, NAPQI huanza kujibandika kwenye protini, na zinazoumia zaidi ni za mitokondria. Mnyororo unayumba, elektroni zinakwama, superoksaidi inapanda. Ndani ya matriksi, superoksaidi inakutana na naitriki oksaidi na kuzaa peroksinaitriti, na huo ndio mmenyuko pekee unaoweza kumtangulia SOD. Peroksinaitriti kwa kawaida ingezimwa na glutathioni, ambayo haipo. Inapiga protini nyingi, ikiwemo SOD ya manganizi yenyewe, kwa hiyo mlinzi wa kwanza naye anazimika. Panya wenye nusu tu ya SOD hiyo huumia zaidi wakipewa parasetamoli nyingi. Mwishowe matundu hufunguka katika utando wa mitokondria, zinavimba, ATP inakwisha, seli inapasuka. Na wakati wote huo katalasi iko palepale kwenye peroksisomu. Ukikata kipande cha ini hilo linalokufa na kukidondoshea peroksaidi, kitatoa povu.

Kinachopoteza watu ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa wa sumu ya parasetamoli anaweza kuonekana mzima, pengine kichefuchefu tu. Kimeng'enya cha ALT, kinachovuja kutoka seli za ini zilizopasuka, huanza kupanda katika damu kama saa 24 hadi 36 baada ya dozi kubwa. Manjano na damu kuchelewa kuganda huja siku ya tatu au ya nne. Kwa mtu wetu wa jino, kipimo cha parasetamoli kwenye damu kinaweza kutoka kidogo, kwa sababu amekunywa kwa vipindi. Chati ya hospitali inayolinganisha kiwango cha dawa na saa zilizopita imetengenezwa kwa aliyemeza mara moja, na kwake haitumiki. Daktari huangalia historia na ALT.

Tiba ni asetilisisteini. Mantiki yake sasa unaiona: seli ina glutameti na glaisini za kutosha, kinachokosekana ni sisteini, na glutathioni nzima haiingii seli vizuri hata ukiiweka kwenye dripu. Asetilisisteini inaingia, inakuwa sisteini, na ini linajitengenezea glutathioni lenyewe kwenye saitoplazimu na kuipitisha hadi matriksi. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu dozi kubwa moja, karibu kila ini linaokoka. Baada ya hapo inazidi kupungua nguvu, kwa sababu NAPQI iliyokwisha kujibandika haibanduki, na mitokondria zilizokwisha kuvimba hazirudi. Bado hutolewa hata kwa aliyechelewa, ikiwemo ambaye ini limeshaanza kushindwa, kwa kuwa seli ambazo hazijapasuka bado zina peroksaidi na peroksinaitriti za kuzima.